Shajara ya mradi: fundi wa mashua, kiunzi cha mkao na ramani ya kingo

4 Juni: lengo na vifaa

Tunatengeneza kijitabu cha picha kuhusu kukalafati mashua, yaani kuziba mianya kati ya mbao kwa nyuzi za pamba zilizolowekwa mafuta. Kitatumiwa na vijana wanaojifunza ufundi hapa Bagamoyo, ufukweni karibu na soko la samaki. Picha ziwe za wino, mistari safi, nyuma kweupe, kwa sababu kijitabu kitatolewa fotokopi na picha za kawaida zikipita kwenye mashine hiyo zinageuka madoa meusi.

Mzee fundi aliyekubali kuwa mfano wetu alitoa sharti moja: sura yake isitoke kitabuni. Ni haki yake, na sharti hilo ndilo lililoamua njia ya kazi yote. Tunahitaji mkao wake sawasawa, jinsi goti lilivyokunjwa na mkono ulivyoinuliwa, na tunahitaji umbo la mashua lilivyo. Uso wake hatuuhitaji.

Modeli ya kuchora, yaani akili bandia inayotengeneza picha kutokana na maandishi, ni Stable Diffusion 1.5. Juu yake nimeweka ControlNet, njia iliyotolewa mwaka 2023 na Lvmin Zhang, Anyi Rao na Maneesh Agrawala wa Chuo Kikuu cha Stanford. Inakuwezesha kuipa modeli picha ya mwongozo pamoja na maandishi. Modeli ya asili inafungwa isibadilike. Nakala ya nusu yake ya mwanzo ndiyo inayofundishwa kusoma mwongozo, kisha inayoyasoma yanaongezwa kwenye kazi ya modeli ya asili. Kila aina ya mwongozo ina faili lake. Mimi nimechukua mawili: la kiunzi cha mkao na la kingo.

Gharama hadi leo: bando la kupakua faili (modeli yenyewe GB 4 na ushee, kila faili la ControlNet karibu GB 1.4), na shilingi 20,000 za muda wa Mzee. Kompyuta ni ya studio ya jirani, kadi yake ya michoro ina kumbukumbu ya GB 8, na inatosha. Ukiwa na kadi ndogo zaidi, tafuta faili za ControlNet za nusu usahihi, karibu MB 720 kila moja. Ubora wake sijaona ukipungua.

6 Juni: maandishi peke yake

Nilianza bila mwongozo wowote ili nijue modeli inajua nini. Maandishi yanaandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa sehemu ya modeli inayosoma maneno ilifundishwa zaidi kwa lugha hiyo. Nilijaribu kutia neno mashua katikati yake, halikubadilisha kitu.

```
ink drawing, old boatbuilder squatting beside a wooden
planked boat on a beach, mallet in raised right hand,
plain white background
```

Kilichotoka ni boti za makasia za kizungu, au mashua yenye mlingoti uliosimama wima na tanga la boti za mashindano. Mashua ya kwetu mlingoti wake umeinamia mbele, omo limechongoka, tezi limekatwa bapa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotokea. Fundi naye mara amesimama, mara amepiga magoti, mara ameketi ndani ya chombo. Nilirefusha maandishi, nikataja pembe ya goti na mahali pa kiwiko, ikawa kazi bure. Maneno yanaiambia modeli kuna nini pichani, lakini pembe ya kiungo hayaifikishi.

Ukifuata kazi hii, anza hivihivi na uzihifadhi picha za mwanzo pamoja na namba ya mbegu, ile inayoamua chenga za kuanzia, yaani madoadoa ya nasibu ambayo modeli inaanzia kuchora. Majaribio yangu yote yanayofuata yanatumia mbegu ileile na maandishi yaleyale. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hutajua kipi kimeleta tofauti.

9 Juni: kingo za picha nzima

Ramani ya kingo ni picha nyeusi yenye mistari myeupe mahali ambapo mwanga unabadilika ghafla. Njia niliyotumia ni ya John Canny, ya mwaka 1986, na ipo tayari ndani ya OpenCV, maktaba ya msimbo wa kuchakata picha. Ina viwango viwili. Mstari wenye nguvu kupita kiwango cha juu unabaki. Ulio kati ya viwango viwili unabaki tu kama umeshikana na wenye nguvu. Ulio chini ya vyote unafutwa.

Ramani ya kwanza ilijaa vidoa. Mchanga wa ufukweni una chembe nyingi zenye kivuli, na kila chembe ilihesabiwa kuwa ukingo. Modeli ikaheshimu kila kidoa na kuchora kokoto chini ya mashua nzima. Dawa ilikuwa kuilainisha picha kidogo kabla ya kutafuta kingo:

```python
import cv2
p = cv2.imread("mashua.jpg", 0)
p = cv2.resize(p, (768, 512), interpolation=cv2.INTER_AREA)
p = cv2.GaussianBlur(p, (5, 5), 0)
kingo = cv2.Canny(p, 100, 200)
cv2.imwrite("kingo.png", kingo)
```

Angalia mpangilio: kupunguza ukubwa kunatangulia, kingo zinafuata. Ukitafuta kingo kwenye picha kubwa ya simu kisha ukaipunguza ramani, mistari myembamba inakatika vipande na kugeuka kijivu. Modeli ilifundishwa kwa mistari mikali. Picha yako nayo iwe na uwiano wa 3 kwa 2 tangu awali, la sivyo amri hiyo itaivuta na mashua itarefuka.

Baada ya hapo mashua ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia: omo, tezi, mkuku, hata mbao zilivyopangana. Kwa umbo la chombo ambacho modeli haikijui, ramani ya kingo ndiyo njia. Maandishi yangeandika kurasa mbili yasifike hapo.

Tatizo ni Mzee. Ramani ilibeba mikunjo ya shati lake, kivuli cha kofia shingoni, na mstari wa pua, mdomo na kidevu. Nikaonesha picha kwa vijana wawili pale ufukweni, wakamtaja Mzee kwa jina papo hapo. Ilikuwa mchoro wa wino, si picha ya kamera, na bado walimtambua kwa mstari wa uso wake. Kwa hiyo yeyote anayetumia kingo ili kuficha mtu ajue kwamba ukingo wa uso ni uso wenyewe.

13 Juni: kiunzi peke yake

Kiunzi cha OpenPose ni kitu kingine kabisa. Kichambuzi kinatafuta viungo vya mwili kwenye picha, pointi 18 (pua, shingo, macho, masikio, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, nyonga, magoti na vifundo vya miguu), kisha kinaziunganisha kwa vijiti vya rangi juu ya weusi mtupu. Hakuna shati, hakuna umri, hakuna sura. Kwa sharti la Mzee hiki ndicho kifaa chenyewe. Kichambuzi kinaweza pia kuchukua pointi nyingi za uso, sehemu hiyo niliiacha imezimwa.

Rangi za vijiti zina maana. Mkono wa kulia ni machungwa na njano, wa kushoto ni kijani cha majani machanga. Mguu wa kulia ni kijani kinachoelekea buluu, wa kushoto ni buluu yenyewe. Modeli inajua kulia na kushoto kwa rangi hizo, na kwa hizo inajua mtu ametazama wapi. Ukichora kiunzi kwa mkono na kuzibadilisha, fundi atageuzwa mgongo.

Mitego miwili ilijitokeza siku hiyohiyo.

Wa kwanza ni mkono wa nyundo. Kwenye picha tuliyopiga kutoka upande wa omo, mkono wa Mzee ulikuwa ukija kuelekea kamera. Kiunzi ni bapa, hakina mbele wala nyuma, kwa hiyo mkono ule ulionekana kama kijiti kifupi. Modeli ikachora mkono mfupi kama wa mtoto kwenye mwili wa mtu mzima. Nilijaribu kuongeza uzito wa udhibiti, yaani nguvu ya kiunzi juu ya modeli, ikawa mbaya zaidi, maana sasa ilitii ule ufupi kwa nguvu. Mkao wa namna hii unahitaji mwongozo wa kina, unaoonesha kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, au unahitaji picha nyingine. Kwetu picha nyingine ilikuwa rahisi. Tulirudi na kumpiga Mzee kutoka ubavuni, mkono wote ukionekana kwa urefu wake.

Wa pili ni mguu uliofichika. Mtu akichuchumaa ubavuni, mguu wa mbali unazibwa na wa karibu. Mara nyingi kichambuzi hakibahatishi: pointi kisichoiona kinaiacha. Kiunzi kikatoka na mguu mmoja, na modeli, ikitafuta mahali pa kuweka wa pili, ikauunganisha na mkuku wa mashua. Ukiona kiungo kinayeyuka ndani ya kitu cha jirani, fungua kiunzi kwanza kabla hujagusa kitu kingine, mara nyingi kuna kijiti kilichokosekana. Niliongeza goti na kifundo kwa mkono katika kihariri cha viunzi, nyuma kidogo ya mguu wa karibu, kwa rangi zake. Tatizo likaisha.

Jambo moja la kuangalia kwa wanaotumia programu yenye vitufe badala ya msimbo: ukishakuwa na kiunzi kilichochorwa, zima kichambuzi. Kikiachwa kinatafuta mtu ndani ya mchoro wa vijiti, hakimpati, na kinaipa modeli picha nyeusi tupu. Picha itatoka nzuri tu ila mkao hautafuatwa. Hiyo ndiyo dalili.

Fundi sasa anachuchumaa kama Mzee na si Mzee. Lakini mashua imerudi kuwa boti ya makasia.

18 Juni: miwili kwa pamoja, na weusi usio kimya

Mpango ulikuwa wazi: kiunzi kishike mwili, kingo zishike chombo. Nikachukua ramani ya kingo, nikampaka Mzee mzima rangi nyeusi kwa brashi, ikabaki mashua peke yake yenye pengo la umbo la mtu. Nikaipa modeli ramani zote mbili, kila moja kwa uzito wa 1.0.

Fundi hakutokea. Mahali pake palikuwa na kivuli cheupe kisicho na kitu ndani, mara nyingine kichwa na kiganja vikielea.

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko hatua nyingine yoyote, na naamini ndipo wengi watakwama. Nilichukulia weusi kwenye ramani ya kingo kuwa ni ukimya, kana kwamba ramani inasema hapa sina neno. Sivyo inavyosomwa. Modeli ya kingo ilifundishwa kwa ramani kamili, na ndani ya ramani kamili weusi una maana yake: hapa hakuna ukingo, hapa ni bapa, pa rangi moja, anga au ukuta. Kwa hiyo kiunzi kilikuwa kinasema kuna mtu, na ramani ya kingo, kwa nguvu ileile, ilikuwa inasema hapa pako tupu.

Suluhisho ni kuipunguzia sauti ramani ya kingo kwa njia mbili. Kwanza uzito, ambao unazidisha au kupunguza kile nakala iliyofundishwa inachoongeza kwenye modeli ya asili. Pili muda. Picha inatengenezwa kwa kuondoa chenga hatua kwa hatua. Hatua za mwanzo zinaamua vitu vikubwa vikae wapi, za mwisho zinajaza nyuzi na mistari midogo. Kingo zikiachiwa kabla ya mwisho, umbo la mashua limeshakaa tayari, na modeli inabaki na nafasi ya kumvalisha fundi shati na kumchora uso wake mpya. Katika msimbo huu bomba ni modeli ya asili iliyounganishwa na faili mbili za ControlNet kwa maktaba ya diffusers.

```python
picha = bomba(maandishi, image=[kiunzi, kingo],
    controlnet_conditioning_scale=[1.0, 0.6],
    control_guidance_end=[1.0, 0.7],
    num_inference_steps=25,
    generator=torch.manual_seed(7)).images[0]
```

Nilishusha uzito wa kingo kidogo kidogo kwa mbegu ileile. Kwenye 0.8 mtu alianza kuonekana, mwili ukiwa bapa bila mikunjo. Kwenye 0.6 alikamilika na mashua bado ni ile ile. Kwenye 0.4 mlingoti ulisimama wima na tezi likachongoka, yaani modeli ilirudi kwenye boti inazozijua. Nafasi ya kufanyia kazi ni nyembamba, na kwa picha yako itakuwa mahali pengine kidogo. Namna ya kuitambua ndiyo hiyo: mtu akikosa mwili, kingo zina nguvu mno. Chombo kikibadilika kabila, zimelegea mno.

Kila picha inachukua sekunde 20 hivi, kwa hiyo kupanda na kushuka hakuumizi. Umeme wa studio tumechangia shilingi 10,000.

21 Juni: Mzee anakagua

Nilimpelekea Mzee karatasi tatu.

"Shikamoo Mzee. Tazama kama huyu anakalafati au anacheza."

Aliisogeza karatasi mbali na macho, akacheka kidogo kwa ile mashua, akasema ni ya kwetu. Kisha akaweka kidole kwenye chembeu, ile patasi butu ya kusukumia pamba.

"Mwanangu, huyu ameishika kukingama mbao. Akipiga nyundo hapo anakula kingo za ubao, maji yanaingia palepale alipoziba. Makali ya chembeu yanalala na mwanya."

Kiunzi cha pointi 18 kinaishia kwenye kifundo cha mkono. Vidole hakivijui, na kifaa kilichomo mkononi hakina habari nacho kabisa. Kuna kiunzi chenye pointi 21 kwa kila kiganja, nilikijaribu na vidole vilikunjika vizuri zaidi, ila chembeu iliendelea kuelekea inakotaka. Kifaa si kiungo cha mwili.

Basi nikarudi kwenye ramani ya kingo. Badala ya kumfuta Mzee wote, niliacha viganja viwili, nyundo ya mti na chembeu, nikafuta mwili, kofia na uso. Viganja peke yake havimtambulishi mtu, nilimwonesha Mzee ramani yenyewe kabla ya kuendelea na akaridhika. Mistari ya vifaa ilikuwa imekatika mahali, kwa sababu mti na mchanga vina rangi zinazokaribiana, kwa hiyo niliiunganisha kwa brashi nyeupe ya unene wa pikseli moja. Unene ukizidi hapo modeli inachora kamba.

Jaribio la kwanza lilitoa mikono mitatu. Sababu ilikuwa kwamba kwenye kihariri nilikuwa nimesogeza kifundo cha mkono wa kushoto ili mkao upendeze, ilhali kiganja kwenye ramani ya kingo kilibaki kilipokuwa kwenye picha ya kamera. Modeli ilipewa mkono mahali pawili, ikachora pawili. Ramani zote ziwe zimetoka kwenye picha moja, kwa ukataji mmoja na ukubwa mmoja, na ukisogeza kitu kwenye moja, kisogeze na kwenye nyingine. Nilivirudisha vifundo mahali pake, chembeu ikalala na mwanya.

25 Juni: ukurasa wa kwanza umekubaliwa

Mzee amepitisha picha ya kupiga pamba. Alitaka pamba ionekane ikitoka kwenye mwanya kama mkia, hilo nimeliongeza kwa kalamu, maana ni mistari minne tu na kuishughulisha modeli kwa jambo hilo ni kupoteza siku.

Kwa anayetaka kunakili: kwenye folda ya kila ukurasa ninaweka picha ya kamera, kiunzi, ramani ya kingo kabla na baada ya kufutwa, maandishi, mbegu na uzito wa kila mwongozo. Picha ya kamera na ramani isiyofutwa zinabaki kwenye kompyuta ya studio tu, hazitumwi kwa yeyote, kwa sababu sharti la Mzee linazihusu pia. Folda ya kugawa ina kiunzi na ramani iliyofutwa.

Ukurasa unaofuata una watu wawili wakivuta mashua kwa kamba, mmoja akimziba mwenzake. Kwenye majaribio ya awali kichambuzi kimempa wa mbele mkono wa nyuma, vijiti vinapita kutoka bega la mmoja hadi kiwiko cha mwingine. Nitawapiga picha mmoja mmoja mahali palepale, kamera ikiwa juu ya kigoda kisichosogea, kisha niviweke viunzi viwili kwenye ramani moja.